Siku Mia Moja Arobaini na Tatu

Miaka tisa nilikaa nyuma ya dirisha lenye wavu katika hadwea moja, duka la jumla la vifaa vya ujenzi, hapa Kakamega, upande wa barabara ya kwenda Malava, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kujua tunamdai nani, tangu lini, na mara ya mwisho alitudanganya nini. Watu wengine hujua umri wa watoto wao. Mimi nilijua umri wa madeni, kwa siku, bila kuangalia kitabu. Halafu nilikuwa naangalia kitabu, maana sijiamini hata mimi.

Mwenye duka alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, tukimwita Mama, wafanyakazi na wateja pia. Mumewe alimwachia duka, lori moja, na ubao mkubwa wa bati juu ya mlango ulioandikwa kwamba sisi ni mawakala wa simiti. Ubao huo ndio uliokuwa mali. Aliye wakala huchukua simiti kiwandani kwa mkopo wa siku arobaini na tano na kwa bei ya chini. Asiye wakala huvuka barabara na kununua kwa jirani, kisha anauza kwa faida ya kununulia mkate. Mama alijua hivyo vizuri. Kila asubuhi kabla ya kuingia alitazama ubao kwanza, kama mtu anayeangalia kama ng'ombe bado yuko zizini.

Kila mwisho wa mwezi nilimwandalia karatasi ya umri wa madeni. Majina upande wa kushoto, kisha safu tano. Ya kwanza ni deni ambalo siku yake haijafika, maana mteja mzuri tulimpa siku thelathini. Ya pili ni lililopitisha siku moja hadi thelathini. Ya tatu, thelathini na moja hadi sitini. Ya nne, hadi tisini. Ya tano ni zaidi ya tisini, na hiyo niliiita mochari. Mwisho kabisa, jumla.

Mama alisoma jumla peke yake. Kidole chake kiliruka safu zote tano kama mtu anayeruka mtaro, kikatua upande wa kulia. Kama jumla haikumtisha, alikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba pamoja na dawa za presha.

Nilimweleza mara nyingi kwamba laki moja ya jana na laki moja ya mwaka jana si ndugu. Ya jana utaipata kwa simu moja. Ya mwaka jana utaitafuta kwa nauli, kwa barua, kwa wakili, na ukiipata nusu utatoa sadaka. Ndiyo maana mkaguzi wetu wa hesabu kila mwaka alitenga fungu la hasara kulingana na umri, kidogo kwa deni changa, nusu nzima kwa yaliyolala mochari. Mama alimwona mkaguzi huyo kama mtu mwenye roho mbaya.

Mteja aliyetengewa hasara hiyo kubwa kuliko wote tulimwita Injinia. Hakusomea uinjinia. Alikuwa kontrakta wa madarasa na vyoo vya shule, na cheo alikipata siku aliponunua kofia ngumu nyeupe. Hata ikiwa hakuna mjengo karibu, kofia ilikaa kwenye dashibodi ya gari lake, inatazama nje kama abiria. Alimwita Mama shemeji. Undugu huo ulianza baada ya invoisi ya kwanza. Kabla ya hapo hakuna aliyesikia kwamba ukoo wake na wa marehemu uliwahi hata kusalimiana.

Injinia alikuwa na ujanja mmoja, na lazima niukubali ulikuwa mzuri. Akitaka mali mpya, alikuja na pesa mkononi, akazihesabu mbele ya Mama, akasema, "Shemeji, hizi ni za ule mzigo wa juzi." Za juzi, si za zamani. Mlipaji akisema pesa ni za invoisi fulani, ndiko zinakoandikwa. Huwezi kuzipeleka kwingine kwa sababu unakasirika. Kwa hiyo invoisi changa zililipwa na nzee zikabaki zinaota nyasi. Mama alichoona ni mtu anayekuja na pesa kila wiki mbili.

"Huyu mtu analipa," aliniambia.

Nilimjibu kwamba ndiyo, analipa, kama vile mtu anavyofagia mlangoni na kuacha kinyesi cha kuku sebuleni.

Sikutaka kumwonea. Nilishawahi kumwonea mtu, na aibu yake bado ninayo. Alikuwa mwalimu wa huko Navakholo, alichukua mabati kumi na mawili, na siku ya kulipa ilipopita nilimpigia siku ya tatu, nikamwandikia siku ya kumi na tano, siku ya thelathini nikampa barua ya pili yenye maneno makavu. Akaja kwa boda, vumbi hadi kwenye kope, akaweka simu ya mumewe juu ya kaunta. Pesa alilipa mapema, kwa simu hiyo ya mume, na mimi kwa kuwa sikulijua jina nilizitia kwenye fungu la pesa zisizo na mwenyewe, nikaendelea kumsumbua aliyelipa. Hakunitukana. Aliomba risiti tu, akaikunja mara nne. Tangu siku hiyo sikumpigia mtu simu kabla ya kupekua fungu lile mara mbili.

Basi madeni ya Injinia niliyapekua mara tatu. Mwezi ninaousimulia tulimdai laki nane na elfu kumi na mbili. Elfu themanini na nne siku yake haijafika. Laki moja na elfu kumi na nane ilikuwa kwenye safu ya tatu. Laki sita na elfu kumi zilikuwa mochari, katika invoisi tatu: laki mbili na arobaini, laki mbili na tano, laki moja na sitini na tano. Nzee kuliko zote ilikuwa imepita siku yake kwa siku mia moja arobaini na tatu.

Ngazi zote nilipanda. Taarifa ya deni ilienda kila mwisho wa mwezi, na nilimfanya aitie sahihi kwamba hesabu ni kweli, ili asije kusema hakupokea vyuma. Hati zote tatu za delivari zilikuwa na sahihi ya fundi wake na muhuri. Nilimpigia simu. Nina daftari la ahadi, tarehe, saa, neno alilosema na siku aliyoahidi. Kwa daftari hilo mjomba wake mmoja, yule wa upande wa mama, alizikwa mara mbili, na mara zote mbili ni Injinia aliyenunua jeneza. Barua ya kwanza ilikuwa na upole. Ya pili haikuwa nao. Alijibu zote kwa sentensi moja, kwamba serikali haijamlipa madarasa, na mtu hawezi kukamua ng'ombe asiyezaa.

Hapo nikachukua nusu siku nikaenda hadi shuleni kwenyewe, upande wa Malava, madarasa yanayong'aa kwa mabati yetu. Nilimpata karani wa fedha anakula mahindi ya kuchemsha. Sikumuuliza mambo ya Injinia. Nilimuuliza kama shule ina deni lolote la ujenzi, maana sisi ndio tuliuza mali. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema shule yao haina deni la mtu, kontrakta alimaliziwa pesa zake zote kabla ya likizo iliyopita, kisha akanikatia kipande cha mahindi yake nile niende. Kumbe ng'ombe alizaa, akakamuliwa, na maziwa yakanywewa.

Nilirudi na habari hiyo kwa Mama. Akasema labda karani amekosea.

Sasa nieleze kuhusu kitabu cha ruhusa, kwa sababu ndicho kilichofanya kazi. Sheria ya duka ilikuwa kwamba mteja mwenye invoisi yoyote iliyopitisha siku sitini anafungwa: hachukui hata msumari kwa mkopo. Sheria nzuri, na Mama aliitangua kila mara kwa kupiga kelele kutoka ofisini, "Mpatieni, ni mtu wetu." Kelele haziachi alama. Kwa hiyo mwaka huo nilinunua kaunta buku ya jalada jekundu, nikamwomba jambo dogo. Akitaka kumfungulia mtu aliyefungwa, asipige kelele. Aje aandike mwenyewe, kwa mkono wake, jina la mteja, kiasi anachompa, na umri wa invoisi yake nzee kuliko zote. Kisha atie sahihi. Alikubali, akidhani ni mambo ya mkaguzi.

Injinia alifunguliwa mara tatu katika kitabu hicho. Mara ya kwanza Mama aliandika siku 88, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, mviringo na safi. Mara ya pili, 107. Mara ya tatu, 126, na hapo sita yake ilikuwa imelala kidogo.

Mwezi huo sasa kiwanda kikatuandikia. Deni letu la simiti lilikuwa laki saba, siku ya mwisho Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Barua ilikuwa na upole kidogo kuliko zangu, na ikasema tukipitisha siku hiyo akaunti inafungwa na uwakala utaangaliwa upya. Kuangaliwa upya, katika lugha ya kiwanda, ni ngazi na fundi wa kung'oa ubao. Benki tulikuwa na laki mbili na elfu tano. Nikahesabu tena, zikawa zilezile. Tulipungukiwa laki nne na elfu tisini na tano, na wadaiwa wengine wote waliobaki, wale wa kweli, walikuwa wadogo. Wote wakilipa kesho hawafiki hata laki na nusu.

Mama alienda benki kuomba mkopo. Meneja akamwomba orodha ya wadaiwa kwa umri, na alipoiona akapiga mstari wa kalamu baada ya safu ya nne. Akamwambia yaliyo kulia kwa mstari benki haiyahesabu kuwa mali. Mama alirudi akiwa amekunja ile karatasi ikawa ndogo sana. Kwa mara ya kwanza akauliza hiyo safu ya mwisho inaitwaje. Sikumwambia jina langu la utani. Nilimwambia zaidi ya tisini.

Jumapili hiyo kanisani kwetu kulikuwa na harambee ya kujenga nyumba ya mchungaji. Mama alikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango, nimeshika bahasha yangu ya mia tano. Watu walitoa kuku, ingokho mmoja aliyepigwa mnada mara nne na kurudishwa mara nne hadi akachoka kulia. Walitoa mahindi, mbao, elfu moja moja. Kisha Injinia akasimama. Alivaa suti, kofia aliiacha kwenye gari. Akasema yeye si mtu wa maneno mengi, na akasema kwa dakika kumi. Mwishoni akatangaza mifuko mia moja ya simiti, na kesho kabla ya saa nne asubuhi itakuwa hapa uwanjani.

Kanisa lililipuka. Akina mama walipiga vigelegele. Pasta alimkumbatia. Niliona Mama akipiga makofi pamoja na wengine, kisha mikono yake ikaenda polepole, ikasimama, kwa sababu akili yake ilikuwa imefika kwenye swali. Simiti ya nani? Duka gani Kakamega linalompa Injinia simiti mifuko mia bila pesa? Aligeuka akanitafuta kwa macho kule mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshamaliza hesabu. Mifuko mia kwa mia saba na ishirini, elfu sabini na mbili. Nilihesabu mara ya pili vigelegele vikiendelea.

Nimewaona wanaotoa sadaka ya mali ya watu, lakini wengi wao angalau huiba usiku. Huyu alitangaza kwa maikrofoni.

Jumatatu saa mbili fundi wake akaleta kikaratasi: mifuko mia, andika kwenye akaunti. Nilimpa kiti. Kisha nikachukua kile kitabu chekundu nikampelekea Mama ofisini, nikakifungua ukurasa wake, nikaweka kalamu katikati. Nikasubiri. Nimejifunza sokoni kwamba anayeongea wa kwanza ndiye anayepunguza bei.

Aliandika jina la mteja. Aliandika 72,000. Akafika kwenye safu ya umri, kalamu ikasimama.

"Ni ngapi leo?" akaniuliza.

"Mia moja arobaini na tatu, Mama."

Aliitazama mistari mitatu ya juu. 88. 107. 126. Yote kwa mkono wake, hakuna wa kumlaumu. Nje vijana wa stoo walikuwa wanacheka kitu. Akasema watu watasema amekataza nyumba ya Mungu. Nikamwambia nyumba ni ya Pasta, na Mungu kama anataka simiti hana haja ya kukopa. Hakucheka. Akauliza Ijumaa itakuwaje. Nikamwambia anajua.

Akaifunika kalamu. Kisha akasema jambo ambalo mimi, pamoja na ujanja wangu wote, nisingelifikiria.

"Pakieni kwenye lori," alisema. "Yote mia. Mfunike turubai nusu tu, watu waone. Halafu liegeshwe hapo mbele."

Lori likapakiwa, likaegeshwa mbele ya duka, mifuko inaonekana kutoka barabarani. Nikamwandikia fundi wa Injinia kikaratasi cha kumrudishia bosi wake: simiti iko tayari, inasubiri malipo. Maneno matano. Sikusema anadaiwa, maana deni la mteja si habari ya kutangazia watu.

Saa nne ikapita. Saa nne na nusu Pasta akampigia Mama simu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kukodi mafundi. Mama akamsalimia mulembe, akamwambia kila kitu kimepakiwa, Pasta, ukipita hapa utaona kwa macho yako, tunamngoja Injinia tu. Ukweli mtupu. Baada ya hapo sijui Pasta alimpigia Injinia mara ngapi, lakini saa tano gari lilifika na kofia ndani yake ikayumba.

Alipita dirisha langu bila salamu, akaenda kwa Mama. Mama akatoka naye, akamleta dirishani, akasema mambo ya akaunti yanashughulikiwa hapa. Kisha akaketi kwenye gunia la misumari, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Injinia akanigeukia. Akatoa bahasha. Akasema, "Dada yangu, mnaniaibisha kwa ajili ya elfu sabini na mbili? Hizi hapa. Ni za simiti ya kanisa. Andika."

Ule ule ujanja. Lipa changa, acha nzee.

"Injinia," nikamwambia, "pesa ni zako, na mwenye pesa husema ni za nini. Simiti nayo ni yetu, na mwenye simiti husema anamuuzia nani. Leo hatukuuzii."

"Hata kwa pesa taslimu?"

"Hata kwa dhahabu, hadi nzee ziguswe."

Nikageuza karatasi ya umri ili aisome, kidole changu kikiwa kwenye safu ya mwisho. Akaanza na serikali. Nikamwambia nilikula mahindi na karani wa fedha wa shule. Hapo uso wake ulifanya kitu kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akaanza na mjomba. Nikafungua daftari la ahadi, nikamsomea tarehe za mazishi yote mawili, na kumpa pole kwa kila moja.

Basi tukaanza biashara. Alianza na laki moja. Nikamwambia hiyo haizibi hata invoisi moja. Akapanda laki mbili na nusu, akitaka aandike cheki ya tarehe ya mbele. Nikamwambia cheki ya tarehe ya mbele ni ahadi iliyochapwa, na daftari langu limejaa. Akamgeukia Mama: "Shemeji, kweli unakubali mtu wa dirishani aniongeleshe hivi?" Mama akatazama lori. Akasema kwa utaratibu kwamba marehemu hakuwahi kumtajia shemeji yeyote wa kofia nyeupe.

Nilimtajia laki sita na kumi, zile zote za mochari. Nilijua hazitoki, lakini bei ya kwanza hutajwa ili ikataliwe. Nilichohitaji kilikuwa laki nne na tisini na tano, na sikuruhusu ulimi ukaribie hesabu hiyo. Alisema laki nne. Nilivuta kikokotoo nikabonyeza vitu visivyo na maana kwa muda. Barabarani Pasta mwenyewe akatokea, akashuka kwenye boda, akaanza kuzunguka lori akihesabu mifuko kwa kidole.

Injinia alimwona. "Laki tano," akasema kwa sauti ya chini. "Na simiti iende sasa hivi."

Nikamtajia masharti. Laki tano benki, si kwa karatasi, na mimi niende naye hadi zionekane kwenye akaunti yetu. Mifuko mia ilipwe kando, taslimu. Laki tatu na elfu kumi na mbili zinazobaki, atie sahihi kwamba anazikubali na kwamba atazilipa kwa vipande viwili sawa, mwisho wa wiki mbili na mwisho wa mwezi mmoja. Akaunti ibaki imefungwa hadi ziishe.

Tulivuka barabara hadi benki, yeye mbele mimi nyuma, kama mtu na mbuzi wake, sijui nani alikuwa mbuzi. Benki yetu na yake ni moja, kwa hiyo dakika ishirini tu. Kilichoniudhi ni dakika hizo. Hakukopa, hakuuza gari, hakumpigia mtu simu. Pesa zilikuwapo. Zilikuwa zimelala kwenye akaunti yake siku zote mia moja arobaini na tatu zikinenepa, wakati Mama anameza dawa ya presha na kutazama ubao. Karani wa benki alipomrudishia kitambulisho alimwita mheshimiwa.

Niliomba stetimenti yetu ichapishwe. Nikaihesabu hapo hapo. Nikaihesabu tena nje.

Laki tano nikaziandika kwa umri, nzee kwanza, kwa kuwa safari hii hakutaja ni za ipi; alikuwa na haraka. Ya laki mbili na arobaini ikafa. Ya laki mbili na tano ikafa. Elfu hamsini na tano zikaingia kwenye ya tatu, ikabaki laki moja na elfu kumi. Lori likaondoka na Pasta akiwa mbele kwa dereva. Kiwanda kililipwa Jumatano, siku mbili kabla. Ukitoa laki saba tulibaki na elfu sabini na saba, na kati yake elfu sabini na mbili zilikuwa za mifuko ya kanisa.

Jumapili iliyofuata Pasta alimsimamisha Injinia mbele, akasema laiti kila mkristo angetoa kwa moyo kama ule. Mama alipiga makofi. Mimi pia nilipiga, mara mbili.

Kipande cha kwanza alikilipa, siku tatu baada ya ahadi. Cha pili alikilipa asubuhi alipopokea barua yangu ya mwisho, ya siku saba, iliyotaja mahakama ya madai madogo na kuambatishwa nakala ya ile taarifa aliyoitia sahihi. Hakurudi tena dukani. Mama hakuniambia asante, na mimi sikutarajia. Aliniwekea feni pale dirishani.

Kama miezi miwili baadaye tulikuwa mlangoni mimi na yeye, asubuhi, anatazama ubao. Lori la jirani wa ng'ambo lilikuwa linapakiwa vyuma na mabati, na kando yake gari lenye kofia nyeupe kwenye dashibodi. Injinia alikuwa anacheka na mwenye duka, mkono begani. Nilimsikia hadi huku akimwita shemeji.

Zamani Mama angeuliza amechukua mali ya kiasi gani.

"Hao wanampa siku ngapi?" aliniuliza.

"Thelathini, nasikia."

Aliangalia lori likifunikwa turubai hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, na kabla sijakaa nikamsikia akiniita kutoka ofisini, niandike tarehe ya leo mahali.